Mtu fulani ameniambia sijui kusoma saa

Ndugu wanajukwaa, sina haja ya kumtaja kwa jina, kwa kuwa nusu ya watu wanaouza kahawa ya Moshi wamekwisha kuonja ulimi wake. Jioni hii, mbele ya kundi zima la kazi, mlinzi wa ghala akiwamo, ameandika kwamba mimi sijui kusoma saa.

Mnunuzi wa New York, ambaye bado tulikuwa tunambembeleza, alikubali kuzungumza nasi leo Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, saa 4 asubuhi kwake. Bwana mkubwa akajumlisha saa 8 kama alivyozoea tangu Novemba, akatutangazia saa 12 jioni. Lakini Marekani walisogeza saa zao mbele juzi Jumapili, nasi hatusogezi, hivyo tofauti imebaki saa 7. Mteja aliingia mkutanoni saa 11 yetu, akakaa peke yake hadi ndevu zikamwota, akaondoka. Nilipomweleza bwana mkubwa, akajibu kwamba sijui kusoma saa. Mimi!

Karani Mstaafu: Pole. Mwaliko wa kalenda ungewaokoa. Ungewekwa saa 4 asubuhi katika ukanda wa America/New_York, kalenda yenu ingeonyesha saa 11 jioni yenyewe, bila mtu kujumlisha chochote. Mwaliko uliotumwa kabla ya mabadiliko nao ungekuwa sahihi, kwa sababu kalenda hutazama tarehe ya mkutano, si siku ya kuutuma.

Mwanamtaa: Mambo mengi ya nini? Andikeni saa za London, hazibadiliki.

Karani Mstaafu: Isiyobadilika ni UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. London watasogeza saa tarehe 29 mwezi huu, na ushauri wako utamkosesha mtu mteja mwingine.

Mama Vanila: Mtoa mada, mbona wewe hukumpigia huyo mteja saa 11, kama ulijua?

Mtoa mada: Nilijua baada ya barua pepe yake ya kuuliza kama tupo. Hata hivyo, aambiwe hajui kusoma saa aliyejumlisha!

Kijana wa Bando: Mimi nadhani tatizo ni mtandao. Bando langu nalo huisha katikati ya mazungumzo na kampuni haijibu.

Mama Vanila: Bando linahusu nini hapa? Afadhali mimi, ambaye bosi wangu alimpangia mnunuzi wa Sydney Ijumaa saa 10 alasiri, wakati kule ni usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi. Mtu akaamshwa usingizini kuulizwa bei ya vanila.

Mwanamtaa: Na alinunua?

Mama Vanila: Alinunua kilo mbili, na hadi leo bosi anasema saa ile ndiyo nzuri.

Kijana wa Bando: Huyo bosi wako anatumia mtandao gani?