Kurudisha peji ya Instagram: dogo wa IT au fundi wa kulipwa?

MamaMadera_Kkoo: Wakuu, shikamooni wakubwa. Peji yangu ya madera na vitenge ina wafuasi 23,000, na tangu Jumamosi siingii, nywila inakataa. Nina njia mbili. Mdogo wake shemeji anasoma IT na atanisaidia bure. Halafu kuna fundi Telegram anataka laki tatu, nusu kwanza, anasema saa 24 peji imerudi. Niende na yupi? Sikukuu inakaribia na mzigo umeshafika.

Taa_ya_Posta: Marahaba. Ila dada, hujatuambia chochote. Peji ilifunguliwa kwa barua pepe ya nani, na laini ya nani? Ulipata ujumbe kwamba barua pepe imebadilishwa? Kama ulipata, ndani yake kuna kiungo cha kurudisha ya zamani. Huo ujumbe wa bure ni bora kuliko fundi yeyote.

BabuTemeke: Mimi WhatsApp ilinipotea hivyohivyo. Nilisubiri siku 7 ikarudi. Subira tu.

Taa_ya_Posta: Mzee wangu, hiyo ni WhatsApp, mtu alikuwa amekuwekea PIN. Huku kwenye Instagram hata ukisubiri mwezi hairudi yenyewe.

Dalali_wa_Simu: Lipa fundi, dada. Watu wa ndani wapo! Mwaka 2022 iliripotiwa Meta imefukuza na kuadhibu wafanyakazi na vibarua zaidi ya ishirini kwa kuingilia akaunti za watu, wengine kwa rushwa.

Chinga_Mstaarabu: Kwa hiyo unamshauri alipe watu wanaofukuzwa kwa kazi hiyohiyo?

Nisimulie yangu. Nililipa elfu themanini kwa kijana mmoja wa hapa mjini. Akasema, "Itakuja namba ya tarakimu sita, nisomee." Nikamsomea. Peji ikafunguka kweli mbele ya macho yangu, nikamnunulia na soda. Sikujua kwamba kabla hajanikabidhi ameweka barua pepe yake na programu ya uthibitisho kwenye simu yake. Siku ya tatu nikatolewa nje. Nilipopiga akataka laki mbili nyingine. Nikagoma, na peji yangu ya viatu ikaanza kutangaza "wekeza elfu hamsini upate laki tano". Wateja wangu wawili walituma pesa wakijua ni mimi. Hadi leo mmoja tukikutana Msimbazi anageuza uso.

Kibaya zaidi nilikuwa nimempa na picha ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma. Hiyo huwezi kuibadilisha kama nywila.

Taa_ya_Posta: Pole sana kaka. Mama, jibu basi: barua pepe ya nani?

MamaMadera_Kkoo: Samahani, nilikuwa dukani. Ukweli ni kwamba alifungua binti niliyemwajiri, kwa barua pepe yake na laini yake. Tuligombana Ijumaa kuhusu mshahara, akaondoka.

Taa_ya_Posta: Kumbe!

WakiliMtoto: Hapo swali limebadilika. Hujaibiwa na mdukuzi. Peji imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na dogo akiingia kwenye barua pepe ya yule binti anavunja kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Faini haipungui milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana ikiwa ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Wewe uliyemtuma usidhani utabaki shahidi, kula njama nako ni kosa. Kuwa "bure" hakumwokoi yule mwanafunzi.

Dalali_wa_Simu: Lakini biashara si yake? Bidhaa zake, pesa zake!

WakiliMtoto: Bidhaa ndiyo. Madai ya peji anayo, tena mazito, ila ayapeleke kwa maandishi, na kama kuna mshahara haujalipwa amalize hilo kwanza. Kudai mali yako ni kitu kimoja, kuvunja mlango wa mtu ni kingine.

Taa_ya_Posta: Hata njia rasmi ya instagram.com/hacked itamsumbua. Wataomba video ya uso, na inalinganishwa na picha za kwenye peji. Mama, sura yako ipo pale?

MamaMadera_Kkoo: Hapana, ni midoli tu na binti mwenyewe akijaribisha madera.

Taa_ya_Posta: Basi video hiyo atafaulu yeye. Bila sura yako wanauliza barua pepe au namba iliyofungulia na aina ya simu. Zote za kwake.

Dalali_wa_Simu: Jina la biashara si limesajiliwa BRELA? Atumie hilo.

WakiliMtoto: Jina la biashara siyo alama ya biashara. Alama ingempa nguvu ya kulalamika Instagram kuhusu matumizi ya nembo, na hata hivyo peji inaweza kufungwa tu, isirudi kwake.

MamaMadera_Kkoo: Nimempigia binti sasa hivi. Anasema nimlipe miezi miwili, mimi najua ni mmoja. Na yule wa Telegram amenitumia ujumbe, bei imeshuka hadi laki na nusu.

Chinga_Mstaarabu: Imeshuka ghafla hivyo? Wangu alianza hivyohivyo.

BabuTemeke: Madera ya saizi kubwa unayo? Mke wangu anauliza.