Blender: kiroboti kinakwama kila mzunguko ingawa nimeweka Cycles kwenye Graph Editor. Naombeni ushauri

Mchora_Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Nina kiroboti cha video za watoto za kujifunza kuhesabu. Kinatakiwa kielee hewani kikipanda na kushuka, feni ya kichwani izunguke na macho yapepese muda wote sauti ya mwalimu inapoendelea. Sitaki kunakili funguo mpaka dakika ya tano, kwa hiyo nimeweka modifaya ya Cycles kwenye kila mstari wa mwendo.

Kurudia kunarudia, ila mwili unasita kidogo kila baada ya sekunde mbili, kama umegusa kitu. Funguo za Location Z ziko fremu ya 1 (katikati), 13 (juu), 37 (chini) na 49 (katikati tena). Feni nayo inaanza taratibu, inashika kasi, kisha inapunguza, kila mzunguko hivyo hivyo. Macho ndiyo balaa, yanafumba na kufumbua mfululizo bila kupumzika. Mradi ni fremu 24 kwa sekunde. Tatizo liko wapi?

Kaka_Renda:
Mkuu achana na Cycles, inatafuna kadi ya picha bure. Kwa katuni za watoto nenda Render Properties uweke EEVEE, video inatoka chap.

Mchora_Tanga:
Asante kaka, EEVEE ndiyo natumia tayari. Hapa nazungumzia Cycles ya kwenye mistari ya Graph Editor, si injini ya kurenda.

FunguoMbili:
Rahisi tu. Weka Repeat Mirrored kwenye Before na After. Mimi huweka funguo mbili, ya chini na ya juu, kitu kinapanda kisha kinarudi kwa njia ileile. Fanya hivyo kwa vyote vitatu umemaliza.

MamaKatuni:
FunguoMbili, kwa kupanda na kushuka uko sawa, lakini ukiweka Mirrored kwenye feni itazunguka raundi moja mbele kisha raundi moja kinyumenyume. Hiyo haifai.

Mchora, tuanze na mwili. Fungua Graph Editor, sogea mpaka fremu ya 49 na uvute karibu sana. Naamini utaona mstari umelala kidogo pale unapoishia, halafu unainuka upya kwenye sehemu ile iliyofifia ambayo modifaya imeiongeza. Pale ulipolala ndipo mwili unaposita. Blender yenyewe inajua kuunganisha mwisho na mwanzo vizuri, ila kwa masharti: Before na After zote ziwe Repeat Motion, Count zote ziwe 0, na vishikio vya funguo viwe vya kujipanga vyenyewe. Ukishakivuta kishikio kwa mkono, inakuachia kama ulivyokiweka. Kwa hiyo chagua funguo zote nne, bonyeza V, chagua Automatic. Mstari wa fremu ya 49 utapita moja kwa moja bila kulala.

Usiipange modifaya nyingine juu ya Cycles. Cycles inakaa ya kwanza, kama ni Noise au nyingine zije chini yake.

Feni ni suala tofauti. Funguo mbili za mzunguko, 0 na digrii 360, zinapita kwa mstari uliopinda, ndiyo maana inaanza taratibu na kuishia taratibu. Zichague, bonyeza T, weka Linear. Kisha kwenye modifaya badilisha Repeat Motion iwe Repeat with Offset, pande zote mbili. Kwa digrii 360 kamili macho hayataona tofauti, lakini kwa Offset namba inaendelea kupanda, 360, 720, 1080, badala ya kudondoka kwenye 0 kila raundi. Siku ukitaka kuzungusha digrii 90 tu kwa kila mzunguko na mapanga ya feni hayafanani, ni Offset itakayokuokoa.

Mchora_Tanga:
Dada, mwili umetulia kabisa! Kweli nilikuwa nimevuta vishikio. Feni ya kiroboti cha kwanza iko safi. Ila kiroboti cha pili feni yake nimeifunga kwenye mfupa, nimefanya vilevile na haizunguki hata kidogo.

MamaKatuni:
Mifupa kwa kawaida huja ikiwa kwenye Quaternion, na huko mzunguko mzima wa 360 unahesabika umerudi ulipoanza, kwa hiyo hakuna safari ya kwenda. Ukiwa Pose Mode, futa funguo za mzunguko, badilisha mfupa uwe XYZ Euler, weka funguo upya.

Sasa macho. Urefu wa mzunguko wa Cycles ni kutoka ufunguo wa kwanza mpaka wa mwisho, basi. Umewekaje?

Mchora_Tanga:
Shape Key ya kope, Value: fremu ya 1 ni 0, fremu ya 4 ni 1, fremu ya 7 ni 0.

MamaKatuni:
Ndiyo hiyo. Mzunguko wako una fremu 6, yaani robo ya sekunde, na wote ni kupepesa. Ongeza ufunguo wa nne, Value 0, fremu ya 97. Sasa atapepesa mara moja kila sekunde nne na kope zitatulia katikati.

Nimekuchagulia 97 makusudi. Mwili wako una mzunguko wa fremu 48, na feni ukiipa fremu 12 (ufunguo wa 1 na wa 13), vyote vinaingia kamili ndani ya 96. Ukitaka kipande cha video kinachojirudia chenyewe, weka End kuwa 96. Usiweke 97, maana fremu ya 97 ni ileile ya 1 na itaonekana mara mbili. Ukiiacha 250 inayokuja na Blender, mwili utaruka video inapoanza upya.

dev_Kisumu:
Naomba kuuliza hapahapa. Mimi nimetoa mhusika kama huyu kwenda Godot kwa glTF, ndani ya gemu anapanda na kushuka mara moja halafu anaganda. Modifaya iko.

FunguoMbili:
Modifaya haitoki na faili. Wakati wa kutoa, mwendo unasomwa fremu kwa fremu ndani ya urefu wa Action, na glTF haina mahali pa kuandika kwamba huu urudiwe. Ongeza -loop mwishoni mwa jina la Action, Godot inaielewa ikipokea faili. Au washa kurudia kwenye mipangilio ya kuingiza huko Godot.

Mchora_Tanga:
Swali la mwisho. Viroboti ni vitatu, na vikipepesa kwa pamoja vinatisha.

MamaKatuni:
Kwenye Dope Sheet sogeza funguo za kila kimoja kwa G, kimoja fremu 17 mbele, kingine 40. Haitaacha pengo mwanzoni, kwa sababu Before nayo inarudia kabla ya ufunguo wa kwanza. Hakikisha tu kila kimoja kina Action yake.

FunguoMbili:
Bado kila sekunde nne ni kama saa ya ukutani. Mimi ningeweka kupepesa mara tatu zisizolingana ndani ya fremu 288, ndipo Cycles ifuate.

MamaKatuni:
Kwa kinachokaa mbele ya kamera, sawa. Vya nyuma mtoto hatavihesabu, na utabaki kurekebisha funguo nyingi bila faida.

FunguoMbili:
Watoto wanahesabu kila kitu, dada, na video yenyewe ni ya kuhesabu. Afanye kwa vyote vitatu.