Naomba ushauri: barua pepe kwa mfadhili, visima 5 lakini vinavyotumika ni 3

Habari zenu wapendwa. Kikundi chetu kiko Arumeru. Mfadhili alitupa fedha za visima 5 vya pampu ya mkono, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Vyote vimechimbwa, ila kimoja hakikupata maji, na kingine maabara imekuta floraidi miligramu 3.2 kwa lita, wakati kikomo ni 1.5. Tumekifunga, kwa sababu maji hayo yataharibu meno ya watoto.

Mwenzangu anataka tuandike "visima 5 vimechimbwa, watu 1,250 wamefikiwa". Hesabu hiyo imetoka kwenye kigezo cha watu 250 kwa kila kituo cha maji. Sentensi ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli, na mfadhili akija kukagua ataona pampu 3 tu. Mimi nimeandika hivi:

"Tuliahidi visima 5 kwa watu 1,250. Vinavyotoa maji salama ni 3, vyenye uwezo wa kuhudumia watu 750. Kimoja ni kikavu, kimoja kimefungwa kwa floraidi. Kosa letu: tulichimba kisima cha nne bila kusubiri upimaji wa kitaalamu wa eneo. Pampu 2 hazijanunuliwa, fedha zake zipo benki."

Waliowahi kuripoti hali kama hii, naomba mnisaidie: aya hii ikae mwanzoni kabisa, au baada ya mafanikio? Na fedha za pampu, niombe kibali cha kuzihamishia kwenye upimaji, au kwanza nijitolee kuzirudisha?