Msaada: "kwenda" za Kirusi zimenikwamisha, tafsiri inatakiwa kesho asubuhi

Mwana_Kaskazini:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Unguja, upande wa kaskazini. Kirusi nilikisoma kozi ya jioni kwa sababu ya watalii, najua cha kuombea maji na kuelekeza njia. Sasa hoteli moja imenipa maelezo ya mgeni wa Kirusi, ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono, niyaweke kwa Kiswahili.

Mengi nimeyamaliza. Kinachonishinda ni hizi "kwenda" zao. Sisi mtu akienda kwa miguu ameenda, akipanda daladala ameenda. Wao miguu ina neno lake, chombo kina neno lake, na kila neno lina pacha wake. Simu yangu haina herufi za Kirusi, kwa hiyo naandika kama yanavyosikika. Mgeni ameandika *mi yezdili v gorod*. Mji ni gorod, na kwamba walipanda gari naliona. Je, niandike "tulikuwa tunakwenda mjini" au "tulikwenda mjini"? Mimi naelemea hiyo ya kwanza.

Dereva_wa_Noah:
Andika "tulikodi Noah, dereva akatupiga bei". Kirusi au Kichina, ukweli ni huo huo.

Kozi_Mbili:
Mbona rahisi. Za miguu ni idti na khodit, za chombo ni yekhat na yezdit. Ya kwanza ni safari moja, ya pili ni safari nyingi. Yezdili inatoka kwenye yezdit, kwa hiyo "tulikuwa tukienda mjini mara kwa mara". Funga uzi.

Mama_Tunu:
Jamani, mwanangu anakwenda Kazan kusomea udaktari mwezi wa tisa. Hiyo kozi ya jioni iko wapi na ada yake ni kiasi gani? Pia nauliza baridi ya huko, makoti wanauza huko huko au anunue mtumba hapa?

Babu_Lumumba:
Mama Tunu, anunue huko. Koti la mtumba la Karume halikushonwa kwa Januari ya Kazan.

Kozi_Mbili, sheria yako inafaa kwa wakati uliopo. *Ya yedu v gorod*, niko ndani ya gari naelekea mjini. *Ya yezzhu v gorod*, mimi huenda mjini, ndiyo kawaida yangu. Hapo hu- yetu inakaa vizuri kabisa. Ukiingia wakati uliopita, sheria hiyo inakutupa shimoni. Nilisoma Moscow, pale Lumumba, enzi za Brezhnev, na kila Jumatatu mwalimu alituuliza Jumapili tulikwenda wapi. Kuuliza kwenyewe alitumia khodili na yezdili, na Jumapili ilikuwa moja tu.

Shika hivi. Idti na yekhat zinamwonyesha mtu akiwa njiani, uso umeelekea upande mmoja. Khodit na yezdit hazina upande mmoja. Zinaweza kuwa kwenda na kurudi, kuzungukazunguka, au mazoea ya kila siku. Safari moja ya kwenda na kurudi inatosha kuitwa yezdili, kwa sababu mtu amegeuza uso njiani. Kwa hiyo *mi yezdili v gorod* ni "tulikwenda mjini", na msomaji aelewe kwamba walisharudi. Angeandika *mi yekhali v gorod*, hapo ndipo ungesema "tulikuwa tunakwenda mjini", na mimi ningesubiri kusikia kilichowapata barabarani.

Kiswahili kina kitu jirani na hicho. Ukimuulizia mtu nyumbani ukaambiwa "amekwenda sokoni", unajua hayupo. Ukiambiwa "alikwenda sokoni", unamtazamia atoke chumbani. Mrusi wa kwanza atasema *poshla*, wa pili *khodila*. Isipokuwa sisi hatufungwi hivyo kila mara, wao wanafungwa.

Je, mgeni ametaja siku?

Mwana_Kaskazini:
Ametaja, Jumanne. Asante sana mzee, basi naandika "tulikwenda mjini". Hilo limekwisha.

Kuna moja dogo tu, *zakhodila*. Nimeandika "aliingia mara moja". Nadhani ni sawa?

Dereva_wa_Noah:
Swali la kitaalamu: daladala yenyewe inakwenda kwa miguu au kwa chombo?

Babu_Lumumba:
Utacheka, basi na treni hupewa neno la miguu. *Avtobus idyot*. Abiria aliye ndani ndiye *yedet*. Mvua nayo *idyot*. Na mtu akisema anakhodit kwenye tamthilia, hamaanishi kwamba hapandi metro, anamaanisha ni mhudhuriaji.

Mwana_Kaskazini, "dogo tu" silipendi. Weka sentensi nzima.

Mwana_Kaskazini:
*Kogda mi yezdili v gorod, gornichnaya zakhodila v nash nomer. Tak skazala sosedka.* Gornichnaya ni mhudumu wa vyumba, sosedka ni mgeni wa chumba cha pili, ndiye aliyemwambia. "Tulipokwenda mjini, mhudumu aliingia mara moja chumbani kwetu."

Babu_Lumumba:
"Mara moja" umeitoa wapi? Kwenye karatasi haipo.

Kozi_Mbili:
Hapo mimi niko sahihi. Zakhodila ina khodit ndani yake, maana yake aliingia mara nyingi.

Babu_Lumumba:
Wala hiyo haipo. Neno hili lina pacha wake, *zashla*. Ukisema *zashla* umemwingiza ndani na hadithi inaendelea akiwa humo, atatandika kitanda, atafungua kabati. Ukisema *zakhodila* unasema alipata kuingia na kufikia sasa alishatoka. Au unasema alikuwa na mtindo wa kuingia. Idadi haijatajwa. Mrusi akitaka idadi ataongeza maneno, *odin raz* kwa mara moja, *neskolko raz* kwa mara kadhaa. Huyu hakuongeza chochote.

Sasa niambie kijana, kuna nini hapo? Mtu hatafsiri ukurasa wa mgeni kwa jasho namna hii.

Mwana_Kaskazini:
Kuna fedha zimepotea. Kipochi chenye dola. Haya ni maelezo yake kwa meneja, na meneja ataamua kesho kama suala liende polisi.

Mama_Tunu:
Na huyo mhudumu ni nani kwako?

Mwana_Kaskazini:
Ni mdogo wangu. Tumbo moja.

Kabla hamjanirukia, hotelini hakuna mwingine anayesoma Kirusi, na meneja anajua sisi ni ndugu. Mdogo wangu anasema aliingia mara moja tu, asubuhi, kubadilisha taulo, na saa sita alishatoka kazini. Mimi namwamini. Neno lenyewe, mzee umesema mwenyewe, linaruhusu mara moja. Basi nimechagua linaloruhusiwa. Kuna ubaya gani?

Mama_Tunu:
Ubaya upo mwanangu. Kazi ya damu yako hupokei. Mimi nilikuwa karani wa baraza la ardhi, shauri la shemeji yangu lilipokuja nilimwachia mwenzangu kalamu nikaenda kunywa chai. Shemeji hakunisalimu mwaka mzima na nikalala usingizi.

Mpekuzi_wa_Uzi:
Mnatafunwa akili hapa. Uzi huu umetungwa. Angalieni sentensi yake: ina yezdili, ina zakhodila, ina kogda mwanzoni, kama imekatwa kwenye kitabu cha mazoezi. Mgeni aliyeibiwa dola haandiki kwa mpangilio huo, anapiga kelele. Huyu ni mwanafunzi ana zoezi la kesho na ametuletea mdogo wa kubuni ili tumhurumie.

Dereva_wa_Noah:
Nilishangaa pia, hoteli ya kaskazini yenye Warusi tele iwe na mkalimani mmoja!

Kozi_Mbili:
Kama ni zoezi, basi mwalimu wake kalitunga vizuri.

Mwana_Kaskazini:
Zoezi gani! Haya, sentensi za kabla yake, ambazo sikuziweka kwa kuwa hazina shida: *Utrom ya khodila na plyazh, klyuch ostavila na stoyke. Muzh spal, on vsegda spit!!* Alama mbili za mshangao ni zake. "Asubuhi nilikwenda ufukweni, funguo niliiacha mapokezi. Mume wangu alikuwa amelala, yeye hulala siku zote!!" Kitabu gani cha mazoezi kina hayo?

Mpekuzi_wa_Uzi:
Mume amenipunguzia shaka kidogo. Kidogo.

Babu_Lumumba:
Limetungwa au halikutungwa, lugha ni ile ile, nami namjibu aliyeuliza.

Hapo *khodila* ni ya miguu, kwenda na kurudi, umeiweka sawa. "Kwa miguu" usiiongeze, maana hakuna anayekodi gari kwenda ufukweni ulio mbele ya hoteli, na Kiswahili kikitaja miguu msomaji atadhani lipo jambo.

Lakini angalia ulilokuwa unataka kulifanya mwanzoni. Ulielemea "tulikuwa tunakwenda mjini". Ungeandika "tulipokuwa tunakwenda mjini, mhudumu aliingia", ungemfungia mdogo wako ndani ya ile saa moja na kitu ambayo gari lilikuwa njiani kutoka kaskazini kuja Mji Mkongwe. Waliondoka saa ngapi?

Mwana_Kaskazini:
Saa tatu. Walirudi saa kumi na moja jioni.

Babu_Lumumba:
Basi *kogda mi yezdili* inabeba muda wote huo, tangu saa tatu hadi saa kumi na moja. Jirani anaweza kuwa amemwona mhudumu saa nne, anaweza kuwa amemwona mwingine saa tisa, mdogo wako akiwa nyumbani. Maelezo hayamtaji kwa jina, yanasema gornichnaya tu. Tafsiri ya haki ndiyo inayompa nafasi hiyo. Sasa unataka uichukue nafasi hiyo halafu uongeze "mara moja" ambayo hukupewa. Akitokea mtu wa kuisoma karatasi ile kwa Kirusi, ataanza kutilia shaka hata ulipotafsiri sawasawa.

Andika: "Tulipokwenda mjini, mhudumu wa vyumba alipata kuingia chumbani kwetu. Ndivyo alivyosema jirani." Chini yake weka maelezo yako kwa meneja, kwamba neno la Kirusi halisemi ni mara ngapi wala saa ngapi, aulizwe jirani. Na uandike undugu wenu hapo hapo.

Kozi_Mbili:
"Alipata kuingia" meneja ataisoma kama alifanikiwa kuingia, kama mwizi aliyepata upenyo. Mimi ningeweka "aliingia" kavu.

Babu_Lumumba:
Una hoja, hilo sikuliona. Ila "aliingia" kavu wengi wataisoma mara moja, na tena haimwonyeshi akitoka.

Kozi_Mbili:
"Aliingia na kutoka"?

Babu_Lumumba:
Hiyo inanukia kuingia na kutoka kutwa nzima.

Mwana_Kaskazini:
Nitaweka "aliingia" na maelezo chini. Undugu sitauandika, meneja anaujua.

Mama_Tunu:
Meneja anaujua, polisi je?

Dereva_wa_Noah:
Na funguo iliyoachwa mapokezi mbona hakuna anayeiuliza? Walipokwenda mjini ilikuwa kwa nani?

Mwana_Kaskazini:
Haikuandikwa. Ngoja niupitie ukurasa tena.