Mrejesho: ule ukurasa wa Kinjeketile niliopiga picha

Niliuliza: "Kitabu cha tamthiliya ya Kinjeketile nimeazima, nimebaki na picha ya ukurasa wa mwishoni tu. Natoaje humo dhamira, wahusika na nukuu za insha?"

Wakuu, nimerudi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye picha yenyewe. Kwenye tamthiliya majina ya wasemaji yako pembeni kushoto, na upande ule ndio ulijikunja kwenye mshono wa kitabu. Nikampa Kinjeketile, mhusika mkuu, maneno ya mwenzake Kitunda! Nilishtuka nilipoona mtu mmoja anajibishana na nafsi yake. Nikamwomba mwenye kitabu apige tena, kakibana wazi, namba ya ukurasa ionekane.

Dhamira nilikuwa nimeandika "ukombozi", basi. Mdau mmoja hapa aliniambia niigeuze iwe sentensi, na hapo ndipo insha ilipofunguka. Kinjeketile yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji ya dawa aliyowapa watu yawakinge na risasi za Wajerumani yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikiri, kesho watoto wataambiwa wazee wao walikosea kupigana. Kwa hiyo sentensi yangu ikawa: imani inaweza kushindwa vitani na bado ikabaki na kazi. Sifa ya mhusika nayo ikatoka humohumo, msimamo wake, bila kuitafuta.

Nukuu nimebaki nazo mbili fupi, neno kwa neno, kila moja na nani anamwambia nani na kwa sababu gani.

Ila ukurasa mmoja hautoshi kumweleza Kitunda. Mashaka yake kuhusu maji yanaanza mbali huko nyuma, hivyo Jumamosi naazima tena kitabu.