Wakuu, hii jumla ya 1/(n+k) naona inakwenda sifuri, ila jibu ni ln 2. Nakosea wapi?

Kalamu_Butu: Wakuu, habari. Swali ni kikomo cha 1/(n+1) + 1/(n+2) + ... + 1/(2n), n ikikua bila mwisho. Kila sehemu inakwenda sifuri, nami nikajumlisha sifuri hizo nikapata sifuri. Majibu nyuma ya kitabu yanasema ln 2.

Mzee_wa_Hesabu: Mdogo wangu, sehemu zinapungua, lakini idadi yake inaongezeka. Ziko n, na iliyo ndogo kuliko zote ni 1/(2n). Kwa hiyo jumla haishuki chini ya n × 1/(2n), yaani nusu. Sifuri imeshakufa hapo, hata kabla ya intigrali.

Chapuchapu: Rahisi tu. Toa n nje ya asili: 1/(n+k) = (1/n) · 1/(1 + k/n). Hiyo 1/n ni upana wa mstatili, k/n ndiyo x. Intigreti 1/(1+x) kuanzia 1 hadi 2, umemaliza.

Kalamu_Butu: Nimefanya hivyo mkuu, nimepata ln 3 − ln 2, kama 0.405. Mbona iko chini ya nusu?

Mzee_wa_Hesabu: Umejikamata mwenyewe, safi. Chapuchapu kachanganya njia mbili. x ni k/n: k ikiwa 1, x ni 1/n, inayosogelea 0, k ikiwa n, x ni 1. Kwa hiyo ni 1/(1+x) kutoka 0 hadi 1. Ukitaka kutoka 1 hadi 2, basi x iwe 1 + k/n, na unaintigreti 1/x. Zote zinatoa ln 2, kama 0.6931.

Jaribu kwa namba. n = 2: 1/3 + 1/4 = 0.5833. n = 10: 0.6688. n = 100: 0.6907. Inapanda polepole, kwa sababu tunapima urefu wa kila mstatili upande wa kulia na grafu ya 1/(1+x) inashuka, hivyo mistatili yote inakaa chini yake. Pengo ni karibu 1/(4n).

Chapuchapu: Duh, kweli. Mipaka huwa naiandika kwa mazoea.

Sina_Raha: Mimi yangu ni 1/√(n² + k), k toka 1 hadi n. Nikitoa n nje nabaki na k/n², siyo k/n. Niweke x wapi?

Mzee_wa_Hesabu: Hiyo usiilazimishe iwe jumla ya Riemann, ile ya mistatili. Ibane: sehemu kubwa ni ya k = 1, ndogo ni ya k = n. Zidisha kila moja kwa n uone zinakutana wapi.

Sina_Raha: Zote zinakwenda 1?

Kalamu_Butu: Mzee, hiyo 1/(4n) umeipata vipi?