Ndoano imezama kidoleni: kurudisha nyuma, kuvuta kwa uzi au kusukuma itokeze?

Brayo_Dunga · Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Wakuu, niko ufuo wa Dunga na binamu yangu. Alikuwa akitia chambo kwenye mishipi ya mbuta, ndoano namba 10, boti ikayumba, na ndoano ikamwingia kidole cha shahada, mkono wa kushoto, kwenye ile nyama ya ncha upande wa kiganja. Kijino cha nyuma kimezama chote, kilichobaki nje ni shina na nusu ya mkunjo. Damu ni kidogo.

Hapa watu wamegawanyika. Mzee mmoja anasema isukumwe mbele itokee upande wa pili, ikatwe kichwa. Vijana wanataka kufunga uzi wa nailoni na kuivuta kwa mshtuko. Mimi naona irudishwe tu polepole ilikopitia. Ipi bora? Plaizi ziko, na ya kukatia waya iko kwa fundi wa injini.

Nahodha_Usoma

Kusukuma. Ndoano imetengenezwa isirudi nyuma, sasa wewe utairudishaje? Kijino kitafungua nyama kama ufunguo wa kopo. Sukuma ncha itokeze, kata kijino kwa plaizi, shina litarudi lenyewe bila shida. Nimewatoa wengi hivi ziwani na wote vidole vyao viko. Mpe kitu aume.

Mshipi_Naivasha

Nahodha, hayo mateso ya nini? Pitisha uzi mkunjoni, funga kwenye ngumi yako, hesabu hadi tatu, vuta kwenye mbili. Kabla ajue, imetoka. Sisi huku Naivasha tunazitoa hivyo za kambale.

Muuguzi_Migori

Brayo, msivute wala msisukume bado. Kwanza nijibu haya, na muyafanye kabla mtu hajaleta ganzi wala chang'aa.

Akunje kidole chote na akinyooshe mwenyewe, kila kiungo. Halafu afumbe macho, umguse na ncha ya kalamu au jani la nyasi upande wa kulia wa kidole, kisha wa kushoto, kisha ufanye vivyo hivyo kwa kidole cha mkono wa pili. Anasikia sawasawa? Ukifinya ukucha ukauachilia, wekundu unarudi haraka? Ncha imeelekea wapi, kwenye ukucha au kwenye mkunjo wa kiungo? Na sindano ya pepopunda alichomwa lini?

Kama ana pete, itoke sasa hivi. Kidole kikishavimba itabidi ikatwe.

Brayo_Dunga

Hana pete. Anakunja na kunyoosha sawa. Ukucha unarudi mwekundu. Ncha inaonekana imeelekea kwenye mkunjo wa kiungo cha kwanza, si ukuchani. Pepopunda anasema alichanjwa akiwa mtoto, basi. Hiyo ya nyasi tunajaribu.

Mama_Mbuta

Poleni sana. Mimi nauza samaki, sivui, lakini nisikilizeni. Nilidungwa na mwiba wa mbuta, si ndoano, kitundu kidogo tu, nikaosha na kuendelea na kazi. Kikapona. Wiki tatu baadaye kikatoka kivimbe kigumu palepale, halafu kingine juu yake mgongoni mwa mkono. Nikatibiwa jipu mara mbili bila nafuu. Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza nafanya kazi gani. Nilimeza dawa miezi kadhaa. Kwa hiyo hata ikitoka vizuri, asisahau.

Muuguzi_Migori

Asante mama, hiyo ni kweli kabisa. Kuna bakteria wa majini, wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, wanaokaa kwenye kidonda cha mvuvi kimya kwa wiki kadhaa ndipo vivimbe vitokee. Dawa za kawaida za jipu haziwagusi. Kumwambia daktari kwamba ulidungwa ukiwa na samaki kunaokoa muda mwingi.

Sasa kuhusu njia zenyewe, Brayo akingoja jibu la nyasi.

Ndugu wa Naivasha, uzi ni njia nzuri, ila umeruka sehemu inayofanya ifaulu. Ukivuta tu, kijino kinashika nyama na kuirarua. Kidole kinawekwa juu ya kitu kigumu, ubao au ukingo wa boti, kisitikisike hata kidogo. Uzi imara unapitishwa kwenye mkunjo wa ndoano. Kisha kwa kidole kingine unabonyeza shina chini, upande wa tundu la kufungia uzi, mpaka lilale sambamba na ngozi. Kubonyeza huko ndiko kunakoachanisha kijino na nyama. Ukiwa bado umebonyeza, unavuta uzi kwa mshtuko mmoja, usawa wa ngozi, kuelekea upande wa mkunjo, mbali na tundu la kufungia uzi. Usivute kwenda juu. Na asisimame mtu mbele ya mvutano huo, kwa sababu ndoano huruka na inaweza kuingia jichoni.

Njia yako Brayo, ya kurudisha polepole, ni hiyohiyo bila uzi: bonyeza shina chini, rudisha ilikopitia. Inafaa ndoano ndogo iliyoingia juujuu, au isiyo na kijino. Ikigoma mara moja, acha.

Nahodha, yako inafaa pale ncha iko karibu kabisa na ngozi ya upande wa pili, kiasi kwamba unaiona ikiinua ngozi. Tatizo ni kwamba unatengeneza jeraha jipya, na kwenye kidole hujui unapitia nini: mishipa ya fahamu iko pande zote mbili, na kano ziko katikati. Ndiyo maana kliniki wanaifanya baada ya ganzi. Na ukikata chuma, funika kwa kitambaa, kipande kinaruka.

Nahodha_Usoma

Dada, tukiwa katikati ya ziwa usiku, kliniki iko wapi? Saa nne za kupiga kasia hadi nchi kavu. Sitakaa na ndoano yenye uzi uliofungwa kwenye mshipi wa ndoano mia.

Muuguzi_Migori

Hapo kata uzi, mzee wangu, si kidole. Ukishaitenga ndoano na mshipi, ifunike isitikisike, na saa nne hazitamuua. Ndoano kukaa ndani saa chache si hatari kuliko kuikoroga ndani kwa plaizi za injini.

Otieno_Injini

Je, mafuta ya taa? Babu alikuwa anamwagia.

Muuguzi_Migori

Hapana. Wala maji ya betri, wala tumbaku. Maji safi yanayotiririka na sabuni, dakika tano hivi. Si maji ya ziwa.

Brayo_Dunga · saa kumi na mbili kasoro

Tumejaribu nyasi. Upande wa kidole gumba anasikia. Upande wa pili anasema "kama kuna karatasi katikati". Mkono mwingine uko sawa.

Muuguzi_Migori

Basi uzi ufungwe mfukoni. Ganzi hiyo, na ncha ikiwa imeelekea kwenye kiungo, ni kliniki. Kateni mshipi, acheni kipande kifupi cha uzi, zungushieni kitambaa safi ili ndoano isibonyezwe, mkono uwe juu ya kiwango cha moyo. Msifunge mpira shinani mwa kidole. Kama vituo vya karibu vimefungwa, hospitali ya Russia pale mjini Kisumu wana dharura.

Ingekuwa anasikia vizuri na ncha imeelekea mbali na kiungo, ningewaambia mjaribu uzi mara moja, si mara tano.

Kiprono_Nakuru

Swali la mgeni: ndoano ikiwa ndani ya samaki, hizi njia zinafaa? Mbuta wangu aliimeza.

Mshipi_Naivasha

Kiprono, samaki unamla, mkate tu. Tunazungumzia kidole.

Brayo_Dunga · Jumapili, saa nne asubuhi

Mrejesho. Alichomwa sindano mbili za ganzi shinani mwa kidole, moja kila upande. Baada ya dakika kama kumi hakusikia kitu. Daktari akabonyeza shina, akajaribu kuirudisha, ikakataa. Akaangalia ncha, ikawa inainua ngozi kidogo kabla ya mkunjo wa kiungo. Akaisukuma milimita chache, ikatokeza, akakata kijino, akatoa shina. Nahodha, najua utacheka.

Akaosha kwa maji mengi kwa bomba la sindano, hakushona. Akachomwa pepopunda, na kwa kuwa hakuwa na rekodi kwamba alikamilisha chanjo za utotoni, akapewa na ile ya pili ya kinga. Amepangiwa kurudi kukamilisha dozi. Ganzi ya dawa ilipoisha, ule upande bado una "karatasi", lakini nyembamba. Daktari anasema huenda mshipa wa fahamu umebanwa tu, atauangalia tena Jumatano.

Antibiotiki hakupewa. Hapo ndipo mimi sijaelewa. Mtu ametoka ziwani, ndoano ina damu ya fulu, na anaondoka bila vidonge?

Nahodha_Usoma

Nicheke nini, nilisema sukuma.

Muuguzi_Migori

Umesema sukuma na aume kitu, mzee. Ganzi na macho ya daktari havikuwa kwenye maelezo yako.

Brayo, kwa kitundu kilichooshwa vizuri, kisichofika kiungoni wala kwenye kano, kwa mtu mzima mwenye afya, wengi hawaandiki vidonge. Mwenye kisukari au kinga dhaifu ni hadithi tofauti, na kuna madaktari wanaompa kila mtu aliyejeruhiwa ziwani. Mimi mwenyewe kwa jeraha la maji ya ziwa nina wasiwasi zaidi ya wenzangu, kwa sababu bakteria wa maji yasiyo na chumvi wakishika wanakwenda haraka, ndani ya siku moja.

Kwa hiyo mchunguze leo jioni na kesho asubuhi. Chora kwa kalamu ukingo wa wekundu. Ukivuka mstari, rudi. Kinachonitisha zaidi ni hiki: kidole kizima kimevimba sawasawa kutoka shina hadi ncha, kimekaa kimejikunja, na ukijaribu kukinyoosha taratibu anaruka kwa maumivu, hasa yakishuka kuelekea kiganjani. Hapo usaha umeingia kwenye ala ya kano. Hapangoji Jumatano, ni usiku uleule, na huenda akahitaji upasuaji. Homa au mstari mwekundu unaopanda mkononi, vivyo hivyo.

Mama_Mbuta

Na kivimbe cha wiki ya tatu.

Muuguzi_Migori

Na hicho, mama.

Otieno_Injini

Mbona tusiviponde vijino kwa plaizi kabla ya kutega? Ndoano ikimwingia mtu inatoka kama ilivyoingia.

Nahodha_Usoma

Mbuta wa kilo nane akae usiku kucha kwenye ndoano isiyo na kijino? Asubuhi utavuta mshipi mtupu. Anayevua kwa fimbo kujifurahisha aponde. Mimi nalipa petroli.

Mshipi_Naivasha

Hapo niko na Nahodha kwa mishipi ya kulaza. Kwa fimbo naponda, na sijaona nikipoteza samaki wengi ilimradi uzi usilegee.

Brayo_Dunga

Binamu anasema wikendi ijayo atatia chambo boti ikiwa imefungwa gatini, si ikienda. Saa hizi kidole hakijavimba, anakikunja, wekundu uko ndani ya mstari. Nitaandika tena baada ya Jumatano.